Dereva leseni imekwisha kapewa 70, mwenye vigezo vyote kapewa 50. Hizi alama mnazitoa wapi?

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika hapa kwa sababu ofisini nimeshaambiwa "ndio utaratibu wetu" mpaka nimechoka. Shirika silitaji. Tunatafuta dereva wa gari la mradi, Lendikruza hadtopu, kazi yote iko vijijini, masika na kiangazi. Mimi natoka idara ya mradi, nikaingizwa kwenye kamati ya mchujo. Afisa utumishi akatuletea jedwali lake la alama, na hapo ndipo damu ilipoanza kunichemka.

Tangazo tulilotoa lilikuwa wazi. Mwombaji AWE NA cheti cha kidato cha nne, leseni hai ya daraja C au E, cheti cha mafunzo ya udereva cha VETA au NIT, na miaka isiyopungua mitatu kwenye barabara za vumbi. Chini yake likasema atapewa kipaumbele mwenye stashahada yoyote, Kiingereza, kompyuta, huduma ya kwanza, ufundi mdogo wa magari, na aliyewahi kufanya kazi na mashirika. Mambo manne ya lazima, sita ya ziada.

Kwenye jedwali yote kumi yamemwagwa pamoja. Kila kimoja alama 10: unacho unapata 10, huna unapata 0. Ukifikisha 60 unaitwa kwenye usaili.

Sasa tazameni. Mwombaji nitakayemwita A ana manne yote ya lazima, na kwenye ziada ana huduma ya kwanza tu. Anapata 50, yuko nje. Mwombaji B leseni yake imekwisha na hajasoma VETA wala NIT, kwa hiyo kwenye lazima ana 20. Lakini ana stashahada, Kiingereza, kompyuta, huduma ya kwanza na uzoefu wa mashirika. Hizo ni 50 juu ya 20. Ana 70, anaitwa. Mtu ambaye trafiki wa kwanza akimsimamisha safari ya mradi imeishia hapo!

Nilipouliza uzito wa vipengele uko wapi, nikajibiwa kwamba hawakuweka uzito ili kuwatendea haki waombaji wote. Jamani, uzito upo! Ukiwa na vipengele vinne upande huu na sita upande ule, vyote alama sawa, umeshasema kwamba ziada ni 60 na lazima ni 40. Hukusema kwa mdomo, umesema kwa idadi. Kesho akija bosi akaongeza "awe mcheshi", lazima inashuka tena bila mtu kuigusa.

Halafu angalieni ule mstari wa 60. Mtu mwenye lazima zote na bila ziada hata moja anaishia 40. Maana yake ni kwamba hakuna anayeweza kuitwa bila ziada mbili. Mbili kati ya zile sita zimegeuka lazima kimyakimya, na tangazo halikumwambia mtu yeyote.

Nimemaliza. Nani anaweza kunitetea hili jedwali?

*

Kidumu_cha_Maji: Mleta mada una hasira lakini dawa yake ni nyepesi. Lazima zipe alama 20 kila moja, ziada 5 kila moja. A anapata 85, B anapata 65. Kazi imekwisha, lete nyingine.

Mleta mada: Mkuu, soma tena namba zako. B ana 65 na mstari ni 60. Bado anaitwa, na leseni yake bado imekwisha.

Mama Utumishi: Nimefanya kazi hii ya mchujo miaka mingi, niruhusuni niseme. Kidumu yuko sahihi nusu. Uzito unapanga nani awe mbele ya nani, lakini hauwezi kumzuia mtu mlangoni. Kitu kikiwa cha lazima kwelikweli hakipewi alama kabisa, kinapewa NDIYO au HAPANA. HAPANA moja tu, barua inawekwa pembeni, hata kama ana shahada tatu. Alama zinaanza kuhesabiwa kwa waliobaki.

Tatizo linalofuata ndilo wengi hawalioni. Ukishawapitisha mlangoni, wote wana leseni, wote wana cheti. Ukiwapa tena 10 kwa leseni umewapa wote zawadi ileile, na kinachobaki kuwatofautisha ni ziada peke yake. Unarudi palepale. Kwa hiyo kwenye lazima chukua zile zenye viwango na uzipime kwa kina. Leseni haina viwango, ni hai au si hai. Uzoefu wa vumbi una viwango, kuanzia 0 hadi 5. Mimi 5 nampa aliyeandika njia alizopita, aina ya gari, kwamba aliendesha masika, na mdhamini wake akithibitisha kwa simu. Mwenye miaka mitatu iliyotimia tu, bila maelezo, nampa 3. Pale kwenu ningeongeza ukaguzi wa gari kabla ya safari, kwa sababu umo ndani ya mafunzo waliyotakiwa kuwa nayo: anajua kupima oili, maji, upepo, tairi la akiba, na anaandika kwenye daftari la gari? Vipimo hivyo viwili viwe asilimia 70 ya alama, ziada zote sita kwa pamoja 30.

Mleta mada: Dada shikamoo. Ngoja niweke. A barua yake ninayo hapa, kaandika njia moja moja, na mpaka alivyowahi kukwama kwenye tope la mbuga akajitoa kwa jeki na magogo. Nampa 5 kwenye vumbi, na 4 kwenye ukaguzi. Tisa kwa kumi mara 70 ni 63. Ziada nimezipima 0 hadi 5 kila moja, yeye ana 5 kati ya 30, inabaki 5. Jumla 68.

Yupo pia C, ambaye sikumtaja mwanzo. Huyu lazima zote anazo, ziada tano. Kwenye jedwali la ofisi alipata 90, wa kwanza kabisa. Kwa njia yako vumbi nampa 3, ukaguzi 3, hiyo ni 42. Ziada ana 24 kati ya 30, zinabaki 24. Jumla 66. A kampita kwa mbili. B hayumo kabisa.

Jicho_la_Tatu: Mbona mnashangilia? Wekeni 60 kwa 40 muone. A anapata 54 na 6.7, yaani 60.7. C anapata 36 na 32, yaani 68. C kashinda! Hiyo 70 mmeichagua kwa sababu inampendelea mtu wenu wa magogo.

Mama Utumishi: Jicho, hapo umeshika penyewe. Ndiyo maana uzito unaandikwa na kusainiwa kabla bahasha haijafunguliwa. Ukiupanga baada ya kuona majina, hata ukiwa na nia njema, unapanga mshindi. Mimi 70 nimeitoa kwa mazoea ya kazi za mikono na barabara. Kwa karani wa mapokezi nisingeitumia.

Ila nina jambo kuhusu zile ziada. Stashahada, Kiingereza na kompyuta kwa kawaida vinatembea pamoja. Aliyekaa darasani muda mrefu anavyo vyote vitatu, asiyekaa hana hata kimoja. Mnamlipa mtu mara tatu kwa kitu kimoja. Viunganisheni viwe kipengele kimoja, ziada zibaki nne.

Mleta mada: Nimejaribu. C kwenye ziada anakuwa na 14 kati ya 20, yaani 21 badala ya 24. A ana 5 kati ya 20, yaani 7.5. C 63, A 70.5. Pengo limeongezeka na hatujagusa ile 70.

Jicho_la_Tatu: Na kwa 60 kwa 40?

Mleta mada: C 64, A 64. Sare kamili, nakiri sikuitegemea.

Fundi Jedwali: Kwa wanaotumia Excel, huu hapa mstari. Safu za B mpaka E ni zile NDIYO/HAPANA, F na G ni vipimo viwili vya lazima, H mpaka K ni ziada nne baada ya kuunganisha.

```
=IF(COUNTIF(B2:E2,"NDIYO")<4,"NJE",70*SUM(F2:G2)/10+30*SUM(H2:K2)/20)
```

Hesabu NDIYO, msihesabu HAPANA. Niliwahi kuona ofisi wanahesabu HAPANA, karani akaacha kisanduku wazi, mtu asiye na cheti akapita kama upepo.

Baraka255: Wakuu hiyo nafasi ya dereva bado ipo? Nina daraja D, miaka miwili bodaboda, nitume wapi barua?

Kidumu_cha_Maji: 😂😂 Baraka soma uzi kwanza kaka.

Njoro wa Thika: Huku Kenya taabu ilikuwa nyingine. Nimeombwa cheti cha kodi cha KRA, cha mkopo wa masomo cha HELB, cha maadili cha EACC, cha madeni cha CRB na kile cha polisi cha tabia njema, vyote kabla hata ya kuitwa. Unatumia pesa kutafuta karatasi za kazi ambayo hujapata. Mwaka 2022 Sheria ya Ajira ikarekebishwa, mwajiri anatakiwa kudai vyeti hivyo akishakusudia kukupa mkataba. Bado kuna wanaoviweka kwenye tangazo kama lazima. Kwa hiyo swali langu kwa Mama: hiyo leseni ya B ni lazima ya siku gani? Ya kutuma maombi, au ya kuanza kazi? Leseni iliyokwisha mtu anaihuisha. Mafunzo ya NIT hayapatikani kesho asubuhi.

Mama Utumishi: Swali zuri, na watu wa kazi yetu hatukubaliani. Wapo wanaosema tangazo limesema "hai", siku ya mwisho ya maombi ndiyo kipimo, basi. Mimi naona kinachoweza kurekebishwa kabla ya mkataba kiwe sharti la mkataba. Lakini ingepaswa kuandikwa hivyo kwenye tangazo. Huwezi kumlegezea B sasa, wakati kuna wengine leseni zao zimekwisha ambao walisoma tangazo wakaamua wasiombe. Na B hata hivyo hana VETA wala NIT, anatoka kwa hilo.

Jicho_la_Tatu: Na kidato cha nne kwa dereva ni lazima ya nini? Akija mtu wa miaka ishirini barabarani, kaishia la saba, anasoma na kuandika vizuri, mtamtoa? Kama hamtamtoa, hiyo si lazima, mmeiweka kwa sababu kila tangazo linayo.

Mleta mada: Yupo huyo mtu. Barua namba 31. Nimeitoa mwenyewe kwa sababu tangazo limesema.

Nimetoka kuongea na afisa utumishi. Anasema uzito haubadiliki sasa, maombi yameshafunguliwa. Nikamwambia sawa, uzito uache, lakini neno "awe na" lilikuwa kwenye tangazo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo B atoke. Hapo amekubali. Kuhusu A na ule mstari wa 60, amesema atapeleka kwa mkurugenzi, maana 60 iko kwenye jedwali lake tu, haikutangazwa popote.

Mama Utumishi: Mwambie aandike sababu kwenye kumbukumbu za kamati kabla ya kuishusha, na aishushe kwa wote. Mkishuka mpaka 50 mjue wangapi wengine wanaingia, msije mkafungua mlango kwa ajili ya mtu mmoja.

Mleta mada: Wanaingia saba. Gari ni moja.