Chati ya ndoa yenyewe: nyuzi za katikati au Davison?

BintiNgamiani: Asalaam aleikum wakuu. Nina chati za mume na mke, mume kazaliwa Tanga, mke Bagamoyo. Kuzilinganisha moja kwa nyingine nimemaliza, sasa nataka chati ya ndoa yenyewe. Programu inanipa njia mbili na majibu hayafanani. Jua la mume liko nyuzi 20 za Punda, la mke 15 za Mizani. Zuhura ya mume iko 5 za Samaki, ya mke 10 za Mashuke. Njia ya nyuzi za katikati imeweka Jua 17½ za Kaa na Zuhura 7½ za Mshale. Nishike hiyo au Davison?

Raskazone_K: Shika Davison. Zuhura haiwezi kuachana na Jua zaidi ya nyuzi 48 hivi, na hapo zimeachana 140. Anga kama hiyo haijawahi kuwepo. Njia ya kwanza ni kujumlisha na kugawa kwa mbili tu.

FalakiPwani: Kuhusu Zuhura umesema kweli, ila hesabu yenyewe si kujumlisha na kugawa. Mmoja akiwa na Jua nyuzi 350 na mwenzake nyuzi 10, ukigawa jumla yao unapata 180, mwanzo wa Mizani, wakati katikati yao halisi ni mwanzo wa Punda. Kila jozi ina nukta mbili za katikati zinazotazamana, na kanuni ni kuchukua ile ya upande mfupi wa duara.

Sasa tazama jozi za dada. Punda 20 na Mizani 15 zimeachana nyuzi 175, na Zuhura zao nazo 175. Upande mfupi umeushinda mrefu kwa nyuzi 10 tu. Kwa hiyo Jua limeangukia upande mmoja wa duara na Zuhura mwingine. Nukta ya pili ya Zuhura ni 7½ za Mapacha, nyuzi 40 kutoka kwenye Jua, na hapo inakaa mahali inapoweza kukaa angani. Mimi Zuhura na Zebaki zikitoka namna hii huzigeuza zilifuate Jua, na pembeni naandika kwamba nimezigeuza.

Raskazone_K: Ukianza kugeuza, utaishia wapi? Chati ya wastani haina tarehe, basi isomwe kama ilivyotoka au iachwe. Davison inachukua katikati ya muda na katikati ya mahali. Aliyezaliwa tarehe 1 Mei 1990 na aliyezaliwa 1 Mei 1992 saa ileile wameachana siku 731. Nusu yake ni siku 365 na saa 12, hivyo chati inasimama tarehe 1 Mei 1991, nusu siku mbele ya saa yao. Mahali, kwa hawa wa Tanga na Bagamoyo, ni kati ya Pangani na Saadani. Hiyo ni anga ya kweli, unaweza kuisogeza mbele kama chati ya mtu.

MtuWaKaole: Sisi tulihesabiwa kwa herufi za majina yetu na ya mama zetu, tukaambiwa nyota zinapatana. Je, nayo inaingia humu?

FalakiPwani: Hapana kaka, hiyo ni hesabu ya abjadi, haitumii saa ya kuzaliwa. Wala hapa hatuulizi kama wawili wanapatana. Kupatana kunatazamwa kwa kulinganisha chati zao mbili. Chati ya pamoja inasomwa kana kwamba ndoa ni kiumbe cha tatu: Mwezi wake ni hali ya nyumba yao, si moyo wa mume wala wa mke.

Mwanakombo_TA: Kabla ya kubishana, dada, kagua saa. Kadi ikiandika "saa 2 asubuhi", programu inataka 08:00. Ukiweka 02:00, nyuzi inayochomoza ya mtu huyo inakosea karibu 90, na ya chati ya pamoja karibu 45, kwa hiyo nyumba zote za chati zinahama. Mwezi wa mtu huyo unasogea nyuzi 3 hivi. Kidogo, lakini Miezi yao ikiwa imeachana 178, nyuzi 3 zinatosha kuurusha Mwezi wa pamoja upande wa pili wa duara.

BintiNgamiani: Saa ya mke iko sawa, ni 20:00. Ya mume tunajua ni asubuhi tu.

Mwanakombo_TA: Basi nyumba usizisome katika chati yoyote kati ya hizo mbili. Davison nayo inaumia: kosa la saa 4 kwa mmoja linasogeza chati saa 2, na nyuzi inayochomoza inaruka kama alama nzima. Piga chati ya mume saa 06:00, halafu saa 12:00. Kisichobadilika ndicho usome.

FalakiPwani: Naafiki. Na Zuhura, Bibie, zisome nukta zote mbili, Mshale na Mapacha. Tofauti ikiwa nyuzi 175, sithubutu kuitupa moja.

Raskazone_K: Mimi bado nasema Davison. Ukishika ile ya kwanza, basi Mshale, kama ilivyotoka.