Naomba ushauri: kufunga faida mechi ikiwa laivu, je, inalipa ukifanya kila wiki?

Habari wakuu, nipo Mbeya, Mwanjelwa. Mfano wa mechi ya Sokoine: nimeweka 20,000 Mbeya City ishinde kwa odi 3.00, mkeka unalipa 60,000. Dakika ya 70 inaongoza 1-0. Laivu, ushindi wake umeshuka hadi 1.35, na X2 ipo 3.00. Nikiweka 20,000 kwenye X2, matokeo yoyote napata 60,000. Nimetoa 40,000, faida ni 20,000.

Inavutia, lakini gawanya 1 kwa 1.35, kisha 1 kwa 3.00, ujumlishe: inakuja kama 1.074. Hicho kilichozidi 1 ni cha kampuni. Bila makato hayo X2 ingekuwa karibu 3.22, na kinga ingehitaji kama 18,600 tu. Yaani karibu 1,400 inaondoka kila nikifunga, juu ya makato ya mkeka wa kwanza. Mara kumi ni 14,000. Tena kodi ya ushindi hukatwa kwenye mkeka ulioshinda bila kujali ule uliochanika.

Nafikiria kuweka 10,000 tu kwenye X2. Kabla ya kodi, Mbeya City ikishinda nabaki na 30,000, ikisawazishiwa narudisha hela yangu, na makato yanapungua nusu.

Wazoefu, mnafunga yote, nusu, au mnaacha mkeka uende? Na odi ikibadilika kabla mkeka wa pili haujakubaliwa, mnafanyaje?