Mjadala: Je, tuweke kikomo cha levereji kama Ulaya?

Mkazi wa Ilala: Tangu 2018 mtu wa kawaida Ulaya haruhusiwi kuzidi levereji ya 1:30 kwenye jozi kubwa za sarafu, yaani kwa kila dola yako moja broka anakukopesha hadi ushike mali ya dola 30. Kenya wanafika 1:400, na broka waliosajiliwa mbali wanatoa 1:500 na zaidi. Mimi nataka na sisi tuweke kikomo kama cha Ulaya. Anayepinga aseme kwa nini.

Fundi wa Chati: Napinga. Nina miaka tisa kwenye chati, na kinachounguza akaunti ni ukubwa wa loti, yaani kiasi unachonunua. Chukua akaunti ya dola 200, nunua euro 20,000, yaani loti 0.20, bei ikiwa dola 1.1000. Umeshika mali ya dola 22,000, na kila pipsi, yaani bei ikisogea 0.0001, ni dola 2. Ukiwa na 1:500 au 1:2000, pipsi inabaki dola 2. Kinachobadilika ni dhamana tu. Kwa 1:500 broka anashikilia dola 44, zilizobaki zinakuwa nafasi ya kupumua.

Mama Duka: Wanangu, kama ni habari ya kukopa, mimi nilikopa kwenye simu shilingi laki tatu nikaziweka kwenye akaunti. Ziliisha kwa siku mbili. Mkopo niliulipa miezi minne kwa faida ya duka. Kwa nini hilo halizuiwi?

Mwanahesabu wa Moshi: Pole sana mama. Hapa tunazungumzia deni jingine, lile analokupa broka mwenyewe ndani ya akaunti, ila wewe uliyabeba yote mawili kwa pamoja.

Fundi, hesabu yako ni sahihi lakini umeikatisha njiani. Hiyo akaunti imebeba mara 110 ya pesa yake. Euro ikipanda asilimia moja tu, yaani pipsi 110, mtu anapata dola 220 na anajiona mfalme. Ikishuka asilimia hiyo hiyo, hana kitu. Na hafiki hata huko. Akipoteza dola 156, sawa na pipsi 78, salio lake linalingana na ile dhamana ya 44, na kwenye simu `Margin Level` inasoma 100%. Hilo ndilo onyo la marjini, yaani la dhamana. Broka wengi wanafunga biashara wenyewe ikifika 50%, yaani pipsi 11 tu mbele. Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, pipsi 11 zinapita kabla hujafungua programu ya simu.

Sasa weka 1:30. Kwa dola 200 hizo hizo, loti kubwa unayoweza kufungua ni 0.05, kwa dhamana ya dola 183 hivi. Pipsi ni senti 50. Ili ufungwe kwenye 50% bei lazima ikukimbie pipsi 216 hivi, na unaondoka na dola 91. Kwa 1:500 uliondoka na 22. Kwa hiyo kikomo cha levereji ndicho kikomo cha loti, kwa sababu mgeni hufungua kiasi anachoruhusiwa.

Fundi wa Chati: Hapo nakubali kwa mgeni. Lakini huyo mgeni ukimbana hapa, kesho anafungua akaunti kwa broka asiye na leseni popote, na akidhulumiwa hana pa kulalamika. Hilo hujanijibu.

Mwanahesabu wa Moshi: Kweli, sina jibu lake.

Kijana wa Tegeta: Mnatisha watu bure. Broka anafunga kabla ya sifuri, kwa hiyo huwezi kupoteza zaidi ya ulichoweka.

Wakili Mombasa: Ndugu, hiyo ni kweli siku bei inapotembea hatua kwa hatua. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 ya euro kwa faranga. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa chini ya 1.00, na katikati hapakuwa na mnunuzi. Mfumo ulitoa amri ya kufunga kwa bei ambayo haipo. Wateja wa broka FXCM waliamka na madeni ya takriban dola milioni 225 kwa jumla, na broka mwingine, Alpari ya Uingereza, akafilisika. Kwa sababu hiyo sheria ya 2018 ina kipengele cha pili ambacho mimi nakiona kizito kuliko 1:30: akaunti ya mteja mdogo haiwezi kwenda chini ya sifuri. Tukianza na hicho peke yake, hata Fundi hatapinga.

Fundi wa Chati: Sipingi. 1:30 bado napinga.

Mkazi wa Ilala: Mimi navitaka vyote viwili, hasa baada ya hesabu ya Moshi.

Mama Duka: Wakili, nitajuaje kama broka wangu anacho hicho kipengele?

Wakili Mombasa: Mama, fungua mkataba uliokubali siku ya kujiunga, tafuta maneno `negative balance`, yaani salio chini ya sifuri. Kama wameandika kwamba mteja atawajibika kwa upungufu wowote, toa pesa iliyobaki.