Naomba ushauri: dakika 20 za kuwafundisha mawakala wa bima kuandika barua ya madai

Kalamu_Mwanza
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nimepewa dakika 20 nizungumze na mawakala wetu 12 kuhusu barua za madai. Hii ililetwa wiki jana, mteja kavunjiwa duka:

"Kwa heshima na taadhima, rejea somo tajwa hapo juu. Mkatiwa bima wetu alipatwa na janga lililopelekea upotevu wa bidhaa zenye thamani kubwa, hivyo tunaomba alipwe fidia stahiki kwa mujibu wa kanuni ya kurejeshewa hali, vigezo na masharti vikizingatiwa."

Ukurasa mzima uko hivyo. Nilipiga simu nne ndipo nikajua kilichotokea. Nianzie wapi bila kumwaibisha aliyeandika?

Chuma_cha_Pua
Futa mbwembwe zote, sentensi tatu zinatosha, mengine yako kwenye fomu ya madai. Na tarehe usitaje. Wakitafuta sababu ya kukataa wanaanzia hapo.

Babu_Madai
Mbwembwe futa, nakubali. Tarehe iache. Polisi wanayo tayari, na barua inayoikwepa ndiyo inayotiliwa shaka. Kama mteja alichelewa kutoa taarifa, sema alichelewa siku ngapi na kwa nini.

Mimi nimekaa meza ya madai miaka 11. Kwenye barua hiyo maneno makubwa yananichosha tu, ila lililoniogopesha ni dogo: "upotevu". Bima ya wizi wa dukani kwa kawaida hulipa pale mwizi alipoingia kwa kuvunja na alama zikaonekana. Mzigo uliopungua kwenye hesabu, au uliochukuliwa mchana duka likiwa wazi, mara nyingi haumo. Sasa ukiandika "upotevu", msomaji ataelewa lipi?

Ingekuwa yangu ningeandika hivi:

"Usiku wa kuamkia tarehe 14 Mei, wezi walikata kufuli mbili za mlango wa nyuma wa duka la mteja wetu. Waliiba televisheni 6 na spika 4. Kwa bei aliyonunulia, ni shilingi 3,420,000. Aligundua saa 1 asubuhi, akaripoti polisi siku hiyohiyo, na sisi akatupigia saa 4. Ameweka kufuli mpya, zilizokatwa amezihifadhi. Tumeambatanisha fomu ya madai, namba ya RB, picha za mlango na risiti za manunuzi. Tafadhali tujulisheni mtathmini atakuja lini."

Juu yake weka namba ya bima na jina la mteja, basi.

Kalamu_Mwanza
Shikamoo Babu. Mbona bei ya kununulia? Mteja alinitajia 4,500,000.

Babu_Madai
Marahaba. Hiyo ni bei ya kuuzia. Bidhaa za duka kwa kawaida hulipwa kwa gharama ya kuzipata, faida ambayo hajaiuza bado haimo. Ukiandika 4,500,000 mtathmini ataikata, na mteja ataona mmemdhulumu wakati hesabu ndiyo ilianza vibaya. Isipokuwa kama mkataba wake unasema vingine, kwa hiyo usome kwanza.

Dada_wa_Nyegezi
Mimi niliibiwa vioo vya pembeni vya gari, nina bima kubwa, mwezi wa pili huu kimya. Barua ndiyo shida?

Babu_Madai
Mwanangu, uliandika vimeibiwa au vimepotea?

Dada_wa_Nyegezi
"Nimepotelewa na vioo." Si ndivyo tunavyosema?

Babu_Madai
Mtaani ndiyo. Andika upya, useme umeibiwa, wapi na lini, uweke na RB yako. Siahidi watalipa, soma kama mkataba wako unagusa vioo.

Mama_Risiti
Kalamu, kuhusu kutomwaibisha: usisome barua yake mbele za watu. Wapange wawili wawili. Mmoja asimulie tukio kwa mdomo, kama anayempigia simu nduguye, mwenzake aandike anachosikia tu. Hakuna anayemwambia nduguye "alipatwa na janga". Nilifanya hivyo kazini kwetu. Dakika 10 zilitosha, muda ulioliwa zaidi ulikuwa wa kicheko.

Swali langu kwa Babu: wakala hakuwepo usiku ule. Kwa nini aandike "wezi walikata kufuli" kana kwamba aliona?

Babu_Madai
Hapo umenibana. Kweli, bora mteja aandike maelezo yake mwenyewe na kusaini, barua ya wakala iyasindikize. Alichokiona wakala kwa macho yake, mathalani hizo kufuli, akiseme kama chake.

Chuma_cha_Pua
Na "eksesi"? Mteja haelewi, kampuni inalitaka.

Kalamu_Mwanza
Mimi humwandikia mteja "kiasi utakachobeba mwenyewe", kampuni naiandikia eksesi.

Mama_Risiti
Halafu mteja akipokea nakala ya ile ya kampuni?

Kalamu_Mwanza
Ndiyo hapo nilipokwama. Mwenye jibu aniwekee kabla ya Jumamosi.