Mholanzi anatoa dola 2,000, mimi hapa Tanga naokota milioni 2.2. Nyingine inakwenda wapi?

Mkonge Mkavu

Wakuu, salamu. Nimekaa na hili wiki mbili likinikwama kooni, leo nalitema.

Nipo Chumbageni, Tanga mjini. Tangu mwishoni mwa 2021 nafanyia kazi kampuni moja ya Uholanzi, ofisi yao iko Rotterdam. Kazi yangu ni kufuatilia nyaraka za makontena: limeshushwa lini, hati zimefika, nani hajalipa ushuru. Kwa miaka miwili mfumo ulikuwa mwepesi. Mwisho wa mwezi natuma ankara, dola 2,000 zinaingia, maisha yanaendelea.

Januari 2024 wakaniambia mwanasheria wao kashtuka. Mtu anayefanya kazi saa zilezile kila siku, kwa bosi yuleyule, na kuomba ruhusa akiumwa, huyo si mkandarasi, ni mwajiriwa, na siku moja itawagharimu. Kwa kuwa hawana kampuni Tanzania, wakatafuta mtu wa kati mwenye kampuni hapa ili aniajiri yeye kwa niaba yao. Kwenye barua wameandika EOR. Mimi namwita mwajiri wa makaratasi, maana kazi sijawahi kupewa naye hata siku moja. Ananipa mkataba na hati ya mshahara, basi.

Nilifurahi, siwafichi. Nikamwambia mama nimeajiriwa sasa, nina NSSF kama watu. Mshahara wa kwanza ukaingia: shilingi 2,219,500. Nikadhani wamelipa nusu, nusu inakuja. Haikuja.

Hati ya mshahara inasema ghafi ni 3,250,000. Wamekata NSSF yangu 325,000 na PAYE 705,500. Hapo sina ugomvi, hesabu nimeirudia mwenyewe na ni sawa. Lakini 3,250,000 ilitoka wapi wakati mimi nilikuwa mtu wa dola 2,000, yaani kama milioni tano?

Jibu nililipata kwa bahati. Dada wa malipo kule Rotterdam alinitumia ankara ya huyu jamaa kwa makosa. Juu ya mshahara wangu kuna NSSF ya mwajiri 325,000, tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, 113,750 na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, 16,250. Jumla 3,705,000. Halafu wameigeuza kuwa dola: 1,543.75. Chini yake ada ya huduma dola 450. Jumla kuu 1,993.75.

Sasa chukueni kikokotoo. Gaweni 3,705,000 kwa 1,543.75. Mnapata 2,400 kamili. Mwezi ule Benki Kuu dola ilikuwa 2,500 na ushee, na mnakumbuka wenyewe dola ilivyokuwa ikitafutwa kwa tochi. Huyu bwana kainunua kwa Mholanzi kwa 2,400! Tukikadiria 2,500 tu, kila mwezi kuna kama dola 62 ambazo hazimo kwenye ada, hazimo kwenye kodi, hazimo kwangu. Ni zaidi ya laki na nusu. Kodi ya chumba changu.

Na Rotterdam wanaamini wananilipa dola 2,000! Nikilalamika wananiona sina shukrani.

Mama Zaina

Pole mwanangu. Hawa mawakala wa nje ndivyo walivyo. Mtoto wa dada yangu kutoka Pangani walimpeleka Maskati kazi za ndani, miezi mitatu hajaona mshahara, pasipoti kashika bosi. Wewe kabla hujasafiri hakikisha mkataba umepita ubalozini.

Mkonge Mkavu

Mama yangu shikamoo. Mie sisafiri, nipo hapahapa Chumbageni na kompyuta yangu. Kazi ndiyo iko nje.

Mama Zaina

Marahaba. Sasa kama upo nyumbani na unapata milioni mbili, mwanangu, si umshukuru Mungu?

Jabali la Mwambani

Acha kulia lia, hiyo kampuni ni haramu! Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku mawakala kuajiri watu na kuwakodisha kwa wengine. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kesho asubuhi, mkataba unafutwa, unalipwa dola zako 2,000 zote.

Mhasibu wa Barabara ya Nane

Jabali, nusu ya maneno yako ni kweli. Katazo la 2014 lipo, na lililenga wakala wa ajira anayejifanya mwajiri wa mtu aliyemtafutia kazi. Hawa wa sasa wanasema wao si mawakala: hawakumtafutia kazi, alikuwa nayo tayari. Hoja hiyo mimi nimesikia wanasheria wawili wakibishana hadi chai ikapoa. Lakini hata ukishinda, Tume haiwezi kumgeuza Mholanzi awe mwajiri wako wa dola 2,000. Utakachopata ni kukosa mkataba.

Mkonge, nimefanya kazi ya mishahara miaka kumi na moja, ngoja nikutenganishie vitu vitatu ambavyo umevitia kwenye chungu kimoja.

Cha kwanza kitakuuma. Zile dola 2,000 hazikuwa mshahara wako, yalikuwa mapato ghafi ya mtu aliyejiajiri. Ulikuwa unapeleka ritani TRA?

Mkonge Mkavu

Mkuu, hilo tuliache.

Mhasibu wa Barabara ya Nane

Nimeliacha, ila hesabu haiachi. Kwa viwango vya mtu binafsi, kinachozidi milioni moja kwa mwezi kinakatwa asilimia 30. Kwenye milioni tano kodi yako ilikuwa 1,328,000 kabla hujatoa gharama zako. Ungebaki na 3,672,000, bila NSSF, bila likizo. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na 2,219,500, siyo milioni tano. Pengo bado kubwa, lakini si lile unalolililia.

Cha pili: je, wangekuajiri wenyewe moja kwa moja? Tuseme wamesajili tawi BRELA, na wewe ndiye mfanyakazi pekee. Bajeti ileile ya milioni tano. Hapo SDL haipo, kwa sababu inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi kumi na kuendelea. Wewe unakatwa SDL si kwa sababu ya kampuni yako ya Rotterdam. Ni kwa sababu kwenye makaratasi umo ndani ya kundi la mtu wa kati mwenye watu wengi. Hilo wengi hawalijui.

Kwa tawi, mwajiri angebeba NSSF asilimia 10 na WCF nusu asilimia tu, kwa hiyo ghafi yako ingefika 4,500,000. Toa NSSF yako 450,000, toa PAYE 1,043,000, unaondoka na 3,007,000. Na NSSF ingekuwa inaingiza 900,000 kwa mwezi badala ya 650,000, na hiyo ndiyo itakayokuamkia uzeeni.

Mkonge Mkavu

Karibu laki nane kila mwezi! Sasa hasira zangu zina kosa gani?

Mhasibu wa Barabara ya Nane

Tawi halijiendeshi. Linahitaji mhasibu, mkaguzi wa hesabu, ritani za kila mwezi na za mwaka, na mtu wa hapa wa kupokea barua za TRA. Kwa mfanyakazi mmoja gharama hiyo inaweza kuimeza ada ya dola 450 na kudai zaidi. Wakiwa na watu sita au saba Tanzania ndipo hesabu inageuka. Kwa hiyo Mholanzi kutumia mtu wa kati si dhambi. Dhambi ni kukukata wewe ada yake.

Hapo ndipo penye jeraha lako. Walichukua bajeti yako ya zamani, wakatoa ada, wakatoa michango ya mwajiri, wakatoa hasara ya kubadilisha fedha, kilichobaki wakakiita mshahara. Hayo yote ni gharama za mwajiri. Mtu wao wa Rotterdam hakatwi mshahara ili kulipia kodi ya pango la ofisi.

Msafiri wa Raskazone

Naongezea la kwangu. Mie nilikuwa na Wajerumani kwa njia hiihii. Mwaka wa pili wakabadilisha mtu wa kati, nikasaini mkataba mpya haraka haraka kwa sababu walisema "kila kitu ni vilevile". Nilikuwa na siku 19 za likizo sijachukua. Zikayeyuka. Walipokuja kuniachisha baadaye nikadai kiinua mgongo, mpya akasema kwangu hujatimiza miezi kumi na miwili, wa zamani akasema wewe uliacha mwenyewe. Wajerumani wakasema sisi hatujawahi kukuajiri. Nikawa napigwa danadana kama uwanja wa Mkwakwani. Nilipopata akili ya kwenda Tume, siku thelathini za kulalamikia kuachishwa zilikuwa zimepita.

Jabali la Mwambani

Si nilisema Tume!

Msafiri wa Raskazone

Ulisema kesho asubuhi, mie nilienda baada ya miezi miwili.

Mkonge Mkavu

Mhasibu, na ile 2,400 je? Au nayo ina maelezo?

Mhasibu wa Barabara ya Nane

Hicho ndicho cha tatu, na hapo sikutetei mtu. Angalia mkataba wao na Mholanzi, si wako. Mara nyingi kuna kifungu kinachosema watatumia kiwango chao cha kubadilishia, wengine wanaongeza asilimia mbili tatu kama kinga. Asilimia nne ni nene. Kama kifungu kipo, ni biashara mbaya lakini Mholanzi kasaini. Kama hakipo, ni yeye wa kudai, kwa sababu wewe umelipwa shilingi zako zote zilizo kwenye mkataba. Ndiyo ubaya wa mshahara ulioandikwa kwa shilingi huku bajeti iko kwa dola: shilingi ikishuka Mholanzi anatoa dola pungufu na wewe uko palepale.

Mwandikie Rotterdam, usiende kwa mtu wa kati. Usiandike "mnanidhulumu". Waoneshe mgawanyo ule ule wa 2,400, waombe mambo mawili tu. Ada itoke nje ya bajeti yako, na ghafi ipangwe upya kila robo mwaka kwa kiwango cha Benki Kuu. Ada peke yake ikirudi kwako, hata baada ya makato, unaongeza zaidi ya laki sita mkononi. Na uombe barua kwamba wakibadilisha mtu wa kati, miaka yako na likizo vinahama na wewe. SDL usiiguse, hiyo huishindi.

Mtoto wa Ngamiani

Swali dogo: Wadachi wenyewe pale ofisini si wanapata ile pesa ya likizo mwezi wa tano, asilimia nane? Nawe unapata?

Mkonge Mkavu

Wanapata, ni sheria ya kwao. Kila Mei naona picha zao za ufukweni. Mimi sheria yangu ni ya Tanzania, siku 28 za likizo, nashukuru, ila hiyo asilimia nane naisikia tu.

Barua nimeituma jana jioni. Leo dada wa malipo kajibu mstari mmoja: ameomba nifute ile ankara, kwamba ilikuja kwangu kimakosa. Kuhusu 2,400 hajasema neno. Sijaifuta.