Smatiwochi yangu inakatika na simu kila alasiri, nisaidieni

mkaazi_wa_mkunazini: Asalaam alaykum jamani. Nna smatiwochi kanipa kaka yangu, kaitumia kama mwaka hivi. Asubuhi iko poa, meseji zaingia, nikifika alasiri nipo dukani inakatika, naambiwa tu disconnected, nikiifungua apu yake kwenye simu inarudi palepale. Usiku nyumbani ndo balaa, hata nikifungua apu hairudi. Simu ni Android. Nibadilishe betri?

bwana_chake: Huo umbali tu. Blutuz kwa kawaida kama mita 10 hivi, na hizo nyumba za Mji Mkongwe kuta za mawe nene, ukiacha simu chumba chengine umekwisha.

mkaazi_wa_mkunazini: Nyumbani sawa, ila dukani simu iko mfukoni mwangu ami!

fundi_wa_darajani: Betri ya saa usiguse. Kwanza nambie, ikikatika alasiri simu ina chaji asilimia ngapi?

mkaazi_wa_mkunazini: Ngoja… leo imekatika ina 19. Jana sikuangalia.

fundi_wa_darajani: Basi hapo. Angalia Battery saver, nadhani imewekwa ijiwashe yenyewe kwenye 20, ikishawaka inazibana apu zinazofanya kazi kwa chini, na apu ya saa ikilazwa saa haina wa kuzungumza naye. Ndo maana ukiifungua inaamka. Nenda Settings, Apps, chagua apu ya saa, kwenye Battery weka Unrestricted. Simu nyengine zina na sehemu ya Autostart, iwashe. Kisha weka simu na saa meza moja, zima skrini, usiiguse nusu saa. Ikikatika hapo usiseme umbali tena.

bi_ukutani: Yangu mie inahesabu hatua nikiwa nimekaa nachambua mchele, hii nayo ni blutuz?

fundi_wa_darajani: Hapana bibie, hiyo ni mkono unavyokwenda, fungua uzi wako 😄

mkaazi_wa_mkunazini: Nimejaribu, chaji imeshuka mpaka 14 haijakatika wallahi. Lakini usiku ile ile.

fundi_wa_darajani: Kaka yako mnakaa pamoja? Simu yake ya zamani bado ana?

mkaazi_wa_mkunazini: Eeh, yeye hurudi magharibi.

fundi_wa_darajani: Simu yake inaichukua saa! Bado inaikumbuka, ikiwa karibu inajiunga yenyewe, na saa nyingi hizi zikishashikwa na simu moja hazionekani kwa nyengine. Mwambie aiondoe kwenye apu, halafu kwenye Bluetooth abonyeze Forget. Na wewe kwako fanya hivyohivyo, ukifuta upande mmoja funguo za zamani zinabaki upande wa pili na kuunganisha kunagoma. Halafu unganisha upya kwa kupitia apu, sio kwenye orodha ya Bluetooth.

bwana_chake: Si aiseti upya tu yaishe?

fundi_wa_darajani: Ikibidi, ila atapoteza vya ndani ya saa ambavyo havijahamia kwenye simu.

mkaazi_wa_mkunazini: Kaka kafuta. Imekaa tangu magharibi mpaka sasa saa nne. Jikoni tu bado inakata, simu nikiiacha ukumbini.

bwana_chake: Si nilisema ukuta 😂