Mnaingia kundi la wazazi na "Niaje wanangu" halafu kimya. Tumechoka!

Mchokozi_wa_Haki: Jamani, kundi la wazazi wa darasa si kijiwe. Mtu anaingia kwa linki, anaandika "Niaje wanangu, mzuka?" kisha kimya. Humo kuna mwalimu, kuna bibi anayelea mjukuu, na karibu wote hawajahifadhi namba yako. Wanachoona ni namba na lile jina ulilojipachika kwenye wasifu, "Mtoto wa Geti" sijui nini. Kesho mwalimu akitaka kukutumia matokeo, anajuaje wewe ni mzazi wa nani?

Kinachotakiwa ni sentensi mbili tatu tu: "Habari zenu walimu na wazazi. Mimi ni Rehema, mama yake Amani wa darasa la tatu B. Mwalimu wa darasa ndiye aliyenipa linki." Basi! Waliomo wanataka kujua wewe ni nani kwa mtoto yupi, na umeingiaje. Kazi yako na picha ya maua hakuna aliyeuliza.

Bint_Mstaarabu: Umesahau shikamoo. Kundi lolote lenye watu wazima, anza na shikamoo, huwezi kukosea.

Kalamu_Nyekundu: Unakosea vizuri tu, dada. Ukiandika "Shikamooni" kwa watu 70, nusu ni rika lako na wengine wadogo zako. Nani aitikie marahaba? Shikamoo ni ya kundi la ukoo, ambako mkubwa na mdogo wanajulikana. Kwa wazazi, "Habari zenu" inatosha, na mwenye shikamoo yake ampe bibi wakiwa wawili. Hata "Habari za asubuhi" iacheni, wengine wataisoma usiku. "Bwana asifiwe" na "Asalaam aleikum" pia, kama kundi si la dini, mnawasalimia nusu ya watu.

Mpita_Njia88: Nitatokaje kwenye kundi bila watu kujua?

Kalamu_Nyekundu: Siyo mada, mkuu. Ila kwa WhatsApp, ukitoka wanaopata taarifa ni admini tu, japo utaonekana kwenye orodha ya waliotoka kwa siku 60.

Baba_Mlezi: Mimi namlea mtoto wa marehemu dada yangu. Niandike baba yake?

Mchokozi_wa_Haki: Andika "mjomba na mlezi wa" fulani. Ukiandika baba, mwalimu akikuta jina lingine kwenye fomu atakuuliza mbele ya wote. Na jina la kwanza la mtoto na darasa vinatosha, maana linki husambazwa na hujui nani mwingine kaingia.

Bint_Mstaarabu: Sawa, shikamoo nimeelewa. Lakini akijitambulisha vizuri, tusimwitikie?

Mchokozi_wa_Haki: "Karibu" 40 ndizo zilizofukia tangazo la mwalimu la mtihani! Admini mmoja aitikie, wengine wagonge alama ya dole.

Bint_Mstaarabu: Dole kwa salamu? Hapo sikubali hata kidogo.